Suti ya Kijivu na Vidole Vitano

Mjane ameisogelea kompyuta kama mtu anayechomoa mwiba, macho ameyabana, ncha ya ulimi imechomoza pembeni mwa mdomo. Suti ya kijivu, kipenzi cha marehemu mumewe, ambayo mjane anaitaka kwenye picha kubwa ya siku ya kumbukumbu, imo katika picha moja tu, na mkono wa koti umeshikwa na mwanamke wa ofisini kwa mumewe. Mwanamke mwenyewe ameshakatwa kwenye picha. Vimebaki vidole, kucha nyekundu. Mjane ananakili kipande safi cha kitambaa cha koti na kukipaka juu ya kidole kimoja kimoja, akihakikisha mistari ya suti inaungana. "Haya shoga, ondoka," ananong'ona. Vidole vinakwisha, lakini marehemu bado anatabasamu upande ule, tabasamu ambalo nyumbani halikuwahi kufika. Basi anakikata kichwa kwenye ukosi, anakigeuza kitazame kwingine, kisha analainisha kingo za shingo. Wifi yake anachungulia begani. "Wifi, kidoti cha kaka kimehamia shavu la kulia lini?" Mjane anasonya, anakirudisha kichwa kilivyokuwa. Anakitazama kitambo, halafu anagusa kioo, palepale marehemu anapotabasamia. "Siku ya kumbukumbu," anasema, "kiti changu kiwekwe upande huu."