Mwenye Mji Namba Arobaini na Saba

Mimi ni muoga. Nalisema mapema ili mtu asije akaninunia mbele ya safari. Sasa hivi nakaa Nyakato, pale Musoma, nashona nguo za watu, nina ulimi mkali kweli kweli, muulize mteja yeyote aliyechelewa kuchukua gauni lake. Lakini mtu akija na karatasi na kalamu akaniuliza mimi ni nani, naanza kutafuta pa kutokea. Chanzo chake ni bwawa.

Kijiji chetu kilikuwa bondeni, huko Butiama inakopakana na Bunda. Nilikuwa darasa la nne vijana wa upimaji walipoanza kupita na vyombo vyao vya miguu mitatu. Walikuwa wanatafuta mahali maji yatakapoishia siku bwawa likijaa. Walipopapata walichimbia bikoni, vigingi vya zege vyenye kichwa chekundu, vikazunguka vilima vya pande zote mbili. Kwenye mkutano wa kijiji tukaambiwa: chini ya bikoni ni maji, na juu yake kuna mita sitini ambazo pia hakuna mtu kukaa. Basi mimi nikasimama mlangoni kwetu nikazitafuta hizo bikoni. Ilibidi niinue shingo. Kumbe sangara watapita juu ya bati letu! Toka siku hiyo nikawa naogopa hata mvua ya kawaida.

Wakaja wengine na rangi nyekundu. Kila nyumba ya bondeni ilichorwa alama ya X na namba. Yetu ikawa arobaini na saba. Tukaambiwa baada ya tarehe fulani mtu asijenge wala asipande mti, hautahesabiwa. Siku ya uthamini ikifika, kila mwenye mji, yaani mwenye kaya, awepo nyumbani, ahesabiwe vyake vyote, vyumba, choo, miembe, makaburi, kisha apigwe picha mbele ya mlango ameshika kibao chenye namba yake. Mwenye picha ndiye mwenye fidia, na ndiye atakayepewa kiwanja kule juu. Asiye na picha ajijue mwenyewe.

Hapo sasa lazima niwaeleze mji wetu ulivyokuwa, maana ulikuwa hauna mwanaume. Bibi alifiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume. Kwa mila ya kwetu mwanamke wa namna hiyo haachi mji ufe. Alitoa ng'ombe, akamuoa mama yangu. Ndiyo, mwanamke kumuoa mwanamke, nyumba ntobhu, mila ya watu wa Mara, msinikodolee macho. Mama aliishi kwa Bibi kama mke wa mji ule, akatuzaa mimi na mdogo wangu, na sisi tukawa watoto wa Bibi. Aliyenizaa simjui na sikuwahi kuulizia. Mwenye mji alikuwa Bibi, na kijiji kizima kilijua hivyo.

Shule ndiyo haikujua. Siku ya kuandikishwa mwalimu alitaka jina la baba, tena la kiume, na mama akataja jina la mtoto wa shemeji yake Bibi, mwanaume aliyekuwa na mji wake jirani yetu. Mimi nilimwita Baba Mkubwa. Lilikuwa jina la kujazia fomu tu. Yeye lakini alilishika. Tangu habari za bwawa zianze alikuwa anapenda kutuambia, "Huko juu tutakaa ua mmoja. Mama yenu atapata wa kumwongoza." Mama alikuwa akisikia hivyo anaingia jikoni. Mimi nilikuwaga namuogopa yule mtu kuliko maji yenyewe.

Wathamini walikuja siku moja kabla ya ile tuliyotangaziwa. Ng'ambo ya mto barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, wakaona wasipoteze siku, waanze na upande wetu. Bibi alikuwa msibani. Mama alikuwa ameenda gulioni. Nilikuwa peke yangu uani na mdogo wangu mgongoni, naanua nguo. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye kazi yake ilikuwa kushuhudia, alikuwa amebaki mji wa nyuma wakibishana na wenyeji makaburi ni manne au matano. Kwa hiyo waliingia karani mwenye fomu, mwenye kamera, na Baba Mkubwa akiwasindikiza.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni, anatoka jasho, ana haraka. Aliniuliza, "Mtoto, mwenye mji huu ni nani?" Nikavuta nguo nyingine kambani. "Baba yako ni nani?"

Jibu la nyumbani lilikuwa Bibi. Nililijua. Lakini shuleni nilishawahi kulitoa hilo jibu, darasa zima likacheka mpaka mwalimu akashika mdomo. Na Baba Mkubwa alikuwa ananiangalia, hacheki. Nikainua kidole nikamuonyesha yeye.

"Huyu hapa?"

"Ndiyo."

Basi ikaandikwa. Wakahesabu miembe ya Bibi, mitatu, wakapima nyumba ya Bibi kwa utepe, na Baba Mkubwa akasimama mbele ya mlango wa Bibi ameshika kibao cha arobaini na saba. Mpiga picha akasema mtoto asogee karibu. Nikasogea. Jioni mwenyekiti alisaini fomu zote kwa mpigo, juu ya tangi la pikipiki, hakusoma hata moja. Baba Mkubwa alipokuwa anaondoka aliinama akaniambia taratibu, "Umejibu vizuri. Usimsumbue Bibi yako, ana presha."

Bibi aliporudi nilimwambia wameshapita. Akauliza kama wameandika. Nikasema wameandika. Hapo sikudanganya, ila nilijua ninachofanya.

Baada ya wiki kadhaa majedwali ya fidia yakabandikwa ukutani ofisi ya kijiji. Tukatangaziwa kwamba mwenye lalamiko alilete kabla hayajabanduliwa. Bibi hakujua kusoma, na mama naye alisoma kwa kubahatisha. Msomaji wa mji nilikuwa mimi. Bibi alikuwa akijisifu kwa watu, "Huyu ndiye macho yangu," na barua zote za kanisani, kadi za kliniki, hata maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea, nilisoma mimi. Akanishika mkono tukaenda.

Niliipata arobaini na saba upesi. Pembeni yake jina la Baba Mkubwa. Juu kidogo, kwenye namba ya mji wake mwenyewe, jina lake tena. Jina la Bibi halikuwepo popote. Nilishuka na kidole hadi chini, nikarudia, natafuta muda.

"Nipo?" akauliza.

"Upo."

Akatabasamu, akamsalimia mtu, tukarudi. Nilichoelewa, kwa akili yangu ya miaka kumi, ni kwamba maji yakija watu wote watakuwa na mahali pa kwenda isipokuwa Bibi, na mama atapelekwa ua wa mtu ambaye yeye humkimbia, anaingia jikoni, na aliyefanya hivyo ni mimi kwa kidole changu. Nikaacha kula. Mama akadhani ni malaria, akaninywesha dawa, nikainywa kimya kimya. Afadhali ingekuwa malaria.

Siku zikaenda. Kisha ikapita gari yenye spika: malalamiko mwisho kesho saa sita mchana. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anatoa magamba ya sato. Nilisimama mbele yake nikasema yote, kwa mfululizo, bila kuvuta pumzi: kidole, picha, kibao, jina ukutani, na kwamba nilisema yupo na hayupo. Nilingoja kofi. Nililitamani hilo kofi.

Hakunipiga. Alimaliza samaki aliyekuwa mkononi, akanawa, akasema, "Kamwite mama yako." Hakuniangalia.

Kesho yake asubuhi tulikuwa barazani ofisi ya kijiji. Karani alikuwepo, mwenyekiti, majirani watatu aliowaita Bibi, na Baba Mkubwa amevaa koti. Karani alifungua faili, akatoa picha. Nikajiona, nimesimama karibu na yule mtu, nimemgusa kabisa.

"Bibi, mtoto alisema mwenyewe," karani alisema. "Sikulazimisha mtu."

"Mtoto aliogopa," Bibi akasema. "Ng'ombe za mama yake nilitoa mimi. Hawa hapa walikuwepo wakati zinahesabiwa."

Majirani wakakubali, mmoja mmoja. Mwenyekiti akaeleza nyumba ntobhu ni nini, kwa aibu kidogo, maana saini ilikuwa yake. Baba Mkubwa akasema mila ni mila lakini serikali inataka baba, na shuleni jina ni lake. Karani akakuna kichwa. Akanigeukia mimi.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Mwenye mji ni nani?"

Baba Mkubwa alikohoa. Mkojo ulinitoka. Uliteremka mguuni hadi kwenye sakafu ya baraza, watu wote wanaona, na mama akanisogelea akafunika pale kwa khanga yake. Nikasema, "Ni Bibi. Yule nilimtaja kwa woga." Sauti ilikuwa ndogo, karani akanirudisha niseme tena, nikasema tena.

Wakajaza fomu mpya. Jina la Bibi, dole gumba la Bibi, mwenyekiti safari hii akasoma mstari kwa mstari. Kwenye mwenza karani alikwama, karatasi haikuwa na nafasi ya mke wa mwanamke, mwishowe akamuandika mama kama mkwe. Kisha akanielekezea kalamu.

"Na huyu? Ni nani wako?"

Bibi alianza kufuta wino kwenye dole gumba lake. Alifuta mpaka ukaisha, na mimi nikajua hapo ndipo ninapolipwa. Angeweza kusema simjui. Mimi si nilisema hivyo hivyo, kwa kidole, mbele ya kamera?

"Andika ni wangu," akasema. "Alinikana, lakini ni wangu."

Picha mpya ilipigwa siku hiyo hiyo mlangoni kwetu, Bibi ameshika kibao, kilemba kimekaa upande. Baba Mkubwa alibaki na mji wake mmoja. Kiwanja chetu tulipata kule juu ya bikoni, mbali na chake, na mama hakukaa ua wa mtu.

Miezi kadhaa baadaye ikaja notisi ya kuhama, kila mji karatasi yake: siku ya mwisho ya kutoa vitu, siku ya kubomoa, siku ambayo mageti ya bwawa yatafungwa na maji kuanza kupanda. Mtendaji wa kijiji aliileta, akampa Bibi mkononi. Nilikuwa nimekaa pale pale, hatua mbili kutoka kwake. Nilinyoosha mkono niipokee kama siku zote.

Bibi alinipita. Alimwita mtoto wa jirani, wa darasa la pili, ambaye alikuwa bado anasoma kwa kukata silabi, akampa yeye. Nilisimama nikasikiliza anavyokosea tarehe, na sikuthubutu kumsahihisha.