Milango Mitatu ya Harusi ya Hadeel

Mahfoudha Yeslam wa Junda hurusha harusi za wanawake mtandaoni, kwa jamaa walio mbali. Katika Kisauni nzima, familia nyingi zisizotaka mpiga picha wa kiume ukumbini huanza kumuuliza yeye. Sababu si ubora wa kamera zake, maana kamera anayo moja tu, na humwachia Kadzo, mwenzake wa kazi. Sababu ni kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna uso hata mmoja uliotoka katika harusi alizozishika. Mama wa watu hupanda jukwaani bila mtandio, akacheza, akarudi nyumbani, na yaliyopita ukumbini yakabaki ukumbini.

Chombo chake cha kazi ni kompyuta kuukuu iliyo sebuleni kwa mamake, imechomekwa waya wa intaneti. Watu hushangaa inavyoweza. Picha husukwa, yaani hubanwa iwe tayari kusafiri mtandaoni, mara moja tu, kwenye laptopu ya Kadzo kando ya kamera, kisha hutumwa hapo nyumbani. Programu iitwayo ffmpeg huipokea, na kwa kuwa ameiambia inakili tu, haiifungui wala haiipiki upya. Hutoa nakala ileile kwa kila anwani iliyoandikwa kwenye mstari wa amri. Ziwe anwani mbili au tano, kompyuta haitoki jasho; kinachohitajika ni intaneti ya kutosha. Mahfoudha huziita anwani hizo milango.

Siku ya harusi ya Hadeel milango ilikuwa mitatu. Nikahi ilifungwa msikitini baada ya Adhuhuri, na hiyo ilikuwa ya watu wote: mlango wa kwanza ukurasa wa Facebook wa ukoo, wa pili chaneli yao ya YouTube. Wa tatu ulikuwa wa faragha, wa Bi Mwanarehema peke yake, mamake bibi harusi, aliyekuwa Maskati amefanyiwa upasuaji na daktari akamkataza ndege. Mussab, kakake Hadeel, ndiye aliyeshika nywila za kurasa za ukoo, naye alizipanga zianze kurusha zenyewe kila picha inapofika.

Baada ya Alasiri ingekuwa zamu ya wanawake, na mlango ungebaki mmoja.

Kadzo alipozima kamera msikitini ili aihamishie ukumbini, namba za kuhesabu picha kwenye kioo cha kompyuta zilisimama. Mahfoudha akaona kazi imekwisha, akaenda kuswali. Aliyemwachia Kadzo agizo ni yeye: usitume kitu mpaka nikupigie. Ila mlangoni mwa ukumbi shangazi mmoja alikuwa amesimama na kapu, akikusanya simu za kila anayeingia, na simu ya Kadzo ikaingia kapuni pamoja na nyingine. Kadzo akangoja. Ngoma zilipoanza akaona ndio wakati, akabonyeza.

Mahfoudha alirudi sebuleni akiwa bado na kanga ya kuswalia. Namba zilikuwa zikikimbia.

Aliangalia bila kuelewa, kisha akaelewa. Amri ile ya mchana haikuwa imefungwa. Mwenyewe aliiandika ndani ya kitanzi, kwa sababu ya intaneti inayokatikakatika: ffmpeg ikifa, iwashwe tena, isipopata picha, ingoje, ijaribu tena. Ilikuwa imengoja. Na Kadzo alipotuma kwa anwani ileile ya mchana, ikaipokea na kuigawa kama ilivyoagizwa. Milango yote mitatu.

Kwenye dirisha dogo la kuchungulia picha, pembeni ya kioo, Ibtihal, wifi yake Hadeel, alikuwa akicheza mbele ya kamera kabisa, kichwa wazi, nywele zimemwagika mabegani, anacheka. Nyuma yake wanawake walikuwa wakijipanga kando ya njia. Bibi harusi alikuwa karibu kuingia.

"Ya Rabbi," alisema Mahfoudha, akabonyeza vitufe vya kusimamisha.

Namba zilikoma. Akashusha pumzi. Halafu mstari mmoja ukatokea, wa pili, na namba zikaanza kukimbia upya. Alikuwa ameiua ffmpeg, lakini kitanzi kilikuwa hai, nacho kikafanya kilivyofundishwa. Akabonyeza tena. Ikarudi tena. Kuufunga mlango mmoja na kuuacha mwingine hakuwezekani. Amri ikishaanza, orodha ya milango haiguswi. Wala hakuweza kuutia ukungu uso wa mtu kwa njia ya Facebook akaiacha safi ya Maskati, maana hapo nyumbani hakuna kinachofunguliwa. Kiingiacho ndicho kitokacho.

Dirishani, vigelegele vilipanda. Vichwa viligeukia mlango wa ukumbi.

Mahfoudha aliinama chini ya meza, akaushika waya wa intaneti na kuung'oa.

Picha ikaganda. Akiwa bado amepiga magoti na waya mkononi, akampigia Mussab kwa data ya simu.

"Dada Mahfoudha! Pilau imeletwa, njoo nikuwekee."

"Mussab, fungua kurasa. Kuna video mbili zimeanza sasa hivi. Zifute."

"Zipi? Ngoja nioshe mkono…"

"Usioshe! Futa sasa hivi. Na usitazame."

"Nifute nisichokiona? Kwani kuna nini?"

"Wako dada zako na wake za watu, vichwa wazi. Wallahi, Mussab, ukitazama nitajua."

Uchangamfu wa Mussab ulikatika. Mahfoudha alisikia sahani ikisukumwa, na sauti za wanaume wengi kandoni. Akawaza ni wangapi kati yao wana simu mkononi.

"Nimefuta," alisema Mussab baadaye, kwa sauti ya chini. "Zote mbili. Lakini dada, kulikuwa na watu wakitazama."

"Bibi harusi je?"

"Jina la video tu ndilo nililoliona. Picha nilifunika kwa kidole."

Kabla hajajibu, simu ya Maskati iliingia.

"Mahfoudha mwanangu, mbona kumekuwa giza?"

"Abee, mama. Nipe dakika."

"Ameshaingia?"

"Bado, mama," alisema, akijua huenda ameshaingia.

Alifunga dirisha lote la amri, kitanzi na vilivyomo. Akafungua amri, akafuta anwani ya kwanza, akafuta ya pili, akaisoma ya tatu kwa sauti herufi kwa herufi. Akaurudisha waya bila kuuachia mkono. Laptopu ya Kadzo, iliyokuwa ikijaribu kuunga yenyewe, ikaunga. Kwenye simu kurasa za ukoo zilibaki kimya. Aliendelea kuzitazama, zikabaki kimya. Hadeel alikuwa ameketi jukwaani tayari, na simuni, kutoka Maskati, kikasikika kilio cha furaha cha Bi Mwanarehema.

Uso wa Hadeel haukuwa umetoka. Mahfoudha alipaswa kufurahi. Aliona nywele za Ibtihal tu.

Alimwita mamake akae na kompyuta, akavaa buibui, akaenda ukumbini kwa miguu, mtaa wa pili. Akamwomba shangazi wa kapu amwitie Ibtihal. Alitoka anatweta, jasho usoni, bado anacheka.

"Umeingiwa na nini, dada?"

Mahfoudha alimwambia. Hakumtaja Kadzo.

"Watu wangapi?"

"Sijui."

"Uso?"

"Uso na nywele. Imefutwa, lakini ilitoka."

Ibtihal aliushika ukingo wa mlango. Ndani ngoma ilibadilika, wanawake wakaitikia.

"Mume wangu ameketi na kina Mussab," alisema. "Na simu yake haitoki mkononi."

"Naweza kwenda kumwambia mwenyewe. Kosa ni langu."

Ibtihal aligeuka kurudi ndani.

"Ngoja nivae buibui langu. Utasema wewe. Mimi nitasimama nione anavyokutazama."

Mahfoudha akangoja penye viatu, akitafuta neno la kwanza.