Kirimo

Kila asubuhi saa mbili, programu ndogo kwenye kompyuta ya ofisi yetu, Biharamulo, hufungua viungo vyote vya machapisho ya mtandaoni yaliyo kwenye foleni. Kinachofunguka huwa kijani; kisichofunguka huwa chekundu.

Siku hiyo chekundu kilikuwa kimoja: fomu ya kuomba miche ya kahawa. Chapisho lilipangwa kutoka saa nne, na mwisho wa kuomba ulikuwa jioni ileile. Anwani nilikuwa nimesomewa kwa simu na mwenzetu aliyekuwa Mugoma, bando limemwishia. Nikampigia.

“Shikamoo dada. Fomu haifunguki.”

“Marahaba. Umeandikaje?”

“Kirimo, kama ulivyosema.”

“Nimesema kirimo, sijasema kirimo. Masikio umeyaacha kwenu Bukoba?”

“Herufi ipi, dada?”

“Ile ya rimau.”

Tukacheka wote wawili. Nikaweka L, ikasomeka kilimo, nikarudia ukaguzi, kiungo kikawa kijani. Nilistaajabu: programu isiyosikia sauti ya mtu ilinasa kilichonipita masikioni. Saa nne chapisho lilitoka. Nikatazama maombi yakiingia kutoka vijiji nisivyowahi kufika, yote yakipita kwenye herufi moja.