Mkono Mmoja Kichwani

Daktari wa koo aliponiambia nifunge mdomo nilicheka, na kicheko hakikutoka. Ulitoka upepo tu. Akatikisa kichwa, akaniambia hilo ndilo analozungumzia. Nyuzi za sauti zilikuwa zimeota vinundu kwa miaka mingi ya kupiga kelele darasani, na nisipoacha kupaza sauti nitabaki na mkwaruzo maisha yangu yote. Nikamwuliza kwa kunong'ona kama naruhusiwa kunong'ona. Akasema hapana, kunong'ona nako kunazichosha nyuzi. Niseme maneno machache kwa sauti ya kawaida, ninywe maji, basi.

Sasa mwambie hayo mtu anayefundisha Darasa la Sita. Watoto themanini na ushei, madawati ya watatu watatu yanayokaliwa na wanne, na umri ule mbaya ambapo wavulana wanabweka ghafla katikati ya sentensi na wasichana wanacheka hata ukifungua dirisha. Mimi nilikuwa nikiwatuliza kwa koo. Kanisani kwetu naimba sauti ya kwanza, na mwenyekiti wa kwaya hunisogeza nyuma ya wenzangu ili nao wasikike. Nilijivunia koo hilo. Sikuwahi kufikiri kwamba linaweza kuisha.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Si mtu mbaya hata kidogo, ila hajui kusema polepole. Aliniambia kwa upole wake, yaani kwa sauti iliyofika maduka ya Gongoni, kwamba ananionea huruma, ananipa mpaka mwisho wa mwezi. Darasa likinishinda atalikabidhi kwa mwalimu mwingine, yule mwenye fimbo ndefu, na mimi nitakaa stoo ya vitabu.

"Stoo ni kazi pia," alisema. "Utapumzika, mama."

Niliitikia kwa kichwa nikatoka. Nyumbani nililia jikoni, sufuria ya maharage ikiwa motoni. Mwalimu asiye na darasa ni mlinzi wa makaratasi, na mimi sikutaka kulinda makaratasi. Niliogopa, kusema kweli, kuliko nilivyoogopa siku ya kwanza ya kazi.

Nikaanza na viti. Kelele ya darasa lile ilikuwa na makao makuu, dawati la nyuma kabisa, na mkuu wake alikuwa msichana mrefu ambaye mama yake anauza dagaa sokoni. Yule binti alirithi sauti ya kuitia wateja. Alikuwa na wenzake watatu, mvulana na wasichana wawili. Nikaona dawa ni kuwatawanya, mmoja kila pembe ya darasa. Nilijipongeza sana.

Ilikuwa hesabu ya kijinga. Zamani walikuwa wakisemezana dawati moja, sasa wakawa wanasemezana juu ya vichwa vya watu wote. "We! Umeleta ile?" kutoka pembe hii. "Nimeleta!" kutoka ile. Na waliokaa katikati wakageuza shingo kufuata mazungumzo.

Nikatafuta ishara. Nilianza na makofi matatu, kwamba nikipiga wanyamaze. Watoto wa Tabora huwapigii makofi matatu ukategemea watakuachia hapo. Wakajibu kwa makofi matano, dawati la mbele likaingiza mguu, kuna mwingine akapata ubao wa dawati wa kugonga, na kabla sijashusha mikono tulikuwa na ngoma kamili, imebaki bibi harusi tu. Kesho yake nikajaribu kunyoosha mkono juu. Hilo nalo nilipaswa kulijua. Tangu darasa la kwanza tumewafundisha kwamba mkono juu ni kuomba kujibu, kwa hiyo nilipoinua wangu, mikono themanini iliinuka, vidole vinaalika, "Mwalimu mimi! Mimi mwalimu!" Hakuna aliyejua swali ni lipi, wala mimi sikuwa nimeuliza.

Jumamosi nilikaa na andalio la somo la wiki inayofuata. Somo lilikuwa ramani: kupima umbali wa njia iliyopinda kwa kutumia uzi na kipimio. Ni andalio ninaloweza kuliandika nimefumba macho, utangulizi, maarifa mapya, kukazia, hitimisho. Safari hii nililisoma kwa jicho la mtu asiye na sauti, na kila hatua nikajiuliza, hapa ndipo nilipokuwa nikipiga kelele? Ajabu ni kwamba sikuwa nikipiga kelele kila wakati. Nilikuwa nikipiga kelele kwenye viungo, pale tunapotoka kusikiliza kwenda kufanya kazi, pale tunapogawa vifaa, na pale tunaporudi. Na vifaa nilikuwa nagawa kwanza, kisha naeleza. Ukimpa mtoto wa miaka kumi na tatu uzi kabla ya maelezo, umempa mjeledi.

Kwa hiyo nikaandika ndani ya andalio lenyewe, kwenye safu ya kazi za mwalimu, penye kila kiungo: simama kona ya ubao, toa ishara, subiri, taja dawati lililowahi, toa maelezo, mwanafunzi mmoja arudie, ndipo vifaa. Ishara nikachagua mkono kichwani, kama mtu aliyeshika ndoo. Mkono mmoja tu. Miwili kichwani ni msiba, na mzazi angekuja kuniuliza nimewafundisha watoto kumlilia nani.

Viti navyo nikavichora upya, nikawawazia mmoja mmoja badala ya kuwawazia kama genge. Msichana wa dagaa nikamweka dawati la tatu, ukingoni mwa njia ninayopita kwenda nyuma na kurudi, jirani na mvulana mkimya asiyemwogopa. Nikamwandikia na kazi, maana mwili ule haukuumbiwa kukaa: yeye atagawa nyuzi na kuzikusanya. Mwenzake mmoja nikamtoa kwenye dirisha linalotazama kijiwe cha bodaboda. Wa tatu, yule mvulana, ndiye aliyenichoma moyo. Nilipokumbuka vizuri, kelele yake yote ilikuwa kuuliza jirani, "Ameandika nini?" Mtoto haoni ubao. Nikamleta mbele, na mama yake nikampa habari ampeleke akapimwe macho. Wa nne nilimwacha alipo, kwa sababu bila wenzake hakuwa na neno.

Jumatatu, kabla ya ramani, niliandika ubaoni: Sauti yangu inaumwa. Daktari amenikataza kupiga kelele. Msichana wa dagaa akasoma kwa sauti, kama kawaida yake bila kuombwa, kisha akanigeukia.

"Ni sisi, mwalimu?" aliuliza.

Ningeweza kusema hapana. Nilisema, kwa sauti yangu ndogo ya kawaida, "Ni sisi sote, na mimi nimo." Nikawaonyesha mkono kichwani, tukafanya mazoezi. Nilikuwa nimeyatengea dakika ndani ya utangulizi kama sehemu ya somo. Piga soga, mkono kichwani, kimya. Tena. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya tatu dawati lililowahi nililitaja, na madawati mengine yakaona wivu. Wivu wa watoto ni kitu kizuri sana ukiutumia vema.

Haikuwa miujiza. Jumanne nilisahau kusubiri, nikaanza kueleza wakati nusu bado wanaongea, na somo zima likaenda mrama. Jumatano nikasubiri mpaka mguu ukafa ganzi, nikaona ishara imeanza kuwakaa.

Siku ya nyuzi ilikuwa Alhamisi. Niliweka mkono kichwani kwenye kona yangu ya ubao, wakanyamaza, nikaeleza: laza uzi juu ya njia kutoka Tabora hadi Ujiji, ufuate kila kona, weka alama, unyooshe kwenye kipimio. Mvulana wa mbele akarudia maelezo. Ndipo msichana akapita na nyuzi za katani mkononi, anagawa kwa madaha ya mwenye duka. Darasa likaanza kuvuma, nami nikapita dawati kwa dawati mpaka nyuma. Kelele ya kazi si kelele ya fujo. Ukiisikiliza utasikia namba ndani yake, na majina ya miji, na watu wanaogombana kuhusu kona ya Malagarasi.

Mwalimu mkuu hakusikiliza. Alisikia tu darasa la mgonjwa linavuma, akaja mbio kuniokoa. Mlango ukafunguka.

"KELELE GANI HIZI! Nyie watoto hamna huruma? Mwalimu wenu anaumwa, nyie mnapiga makelele kama mko mnadani!"

Nilijua anachokiona: watoto wamesimama, nyuzi kila mahali, na mimi kimya nyuma ya darasa. Niliona stoo ya vitabu, na vumbi lake, na panya wake. Nilifungua mdomo kueleza, lakini kwa sauti niliyoruhusiwa asingenisikia, na yeye alikuwa bado anaendelea.

Msichana wa dagaa alikuwa katikati ya njia, nyuzi zimebaki mkononi. Akamtazama mwalimu mkuu. Akaweka mkono kichwani.

Jirani yake akafuata. Kisha dawati la mbele, kisha upande wa dirisha, mpaka nyuma kabisa, darasa zima, mkono mmoja mmoja kichwani, macho kwake, bila hata kikohozi. Sauti ya mwalimu mkuu ikabaki peke yake chumbani. Nadhani alijisikia mwenyewe. Akaishusha, akaishusha tena.

"Mbona mmeshika vichwa?" aliuliza. "Kuna msiba?"

"Shikamoo mwalimu," msichana alisema. "Hapana, msiba ni mikono miwili. Huu mmoja ni kusikiliza. Tunakusubiri useme."

"Marahaba," alisema. Alikuwa anasema taratibu, nami sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake ya hivyo. Ni sauti nzuri. "Basi... mnafanya nini?"

Wakamwambia. Akainama dawati la tatu, akapewa uzi, akapima mpaka Ujiji, akakosea kona moja na mvulana mkimya akamrekebisha. Alipofika mlangoni aligeuka kwangu.

"Stoo nitamtafutia mtu mwingine, mama," alisema, bado taratibu. "Wewe baki hapa hapa."

Akatoka kwa kunyata, akauvuta mlango nyuma yake kama anayetoka chumba cha mtoto aliyelala. Nikakaa kwenye ncha ya dawati la nyuma, lile lililokuwa makao makuu. Nikamwona tena akilini anavyonyata, mtu mzima na tumbo lake, na kicheko kikanipanda. Safari hii kilitoka. Kilikuwa na mkwaruzo kidogo, lakini kilikuwa kicheko changu chenye sauti, nami nikakiachia, sikuweza kukizuia.

Msichana wa dagaa akanigeukia, akaweka mkono kichwani.

"Mwalimu," alisema, "daktari amekukataza."