Mashavu Yanayoonekana Kutoka Mlangoni

Mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi Bungoma alinifuta kazi, na mama yangu alipokwenda kuniombea msamaha, tajiri huyo alimsimamisha mlangoni mwa ofisi yake tangu asubuhi mpaka jioni. Hakumpa kiti wala maji. Sikusahau.

Mwaka huu alinifuata mwenyewe Kitale, kwenye karakana yangu ya kuchonga picha kwenye shaba. Hakunikumbuka hata kidogo. Alitaka sura yake ichongwe kama ile ya kwenye noti, aitundike nyuma ya kiti chake. Nikamwambia, "Karibu sana, mzee."

Sura ya noti ni mistari mitupu, inayochongwa kwenye shaba, ikapakwa wino na kupigwa chapa kwenye karatasi. Mstari hufuata umbo la uso: kwenye shavu nono unapinda kama kamba iliyozungushiwa tikiti. Penye kivuli unachongwa kwa kina zaidi ili ushike wino mwingi, kisha mistari mingine inaukata kimshazari. Kwenye mashavu yake niliugeuza ule mpindo, na kivuli nikakiweka katikati, mahali palipotakiwa kung'aa. Kwa karibu unaona mistari safi tu. Ukirudi nyuma hatua kumi, mistari inaungana, na mashavu yanadidimia kama ya maiti.

Aliishika picha iliyochapwa karibu na pua, akacheka kwa furaha. "Hii ndiyo kazi, bana!"

Sasa imetundikwa. Yeye huketi akiipa mgongo. Wanaoiona vizuri ni wale anaowasimamisha mlangoni.