Maneno Niliyoyagusa Ndani ya Alama

Madamu alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule yetu karibu na Kitale, na likizo zote alikuwa akisomea digrii Bungoma. Alipomaliza ripoti ya utafiti wake kuhusu wasichana wanaorudi shuleni baada ya kuacha masomo, aliniletea niipitie, kwa kuwa mimi ndiye niliyefundisha Kiingereza. Niliipokea kwa majivuno. Nilikuwa mtu wa kugombana na nukta.

Chuo chake kilifuata mtindo wa Waingereza: ukinukuu kipande tu ndani ya sentensi yako, nukta hukaa nje ya alama za kunukuu; ukinukuu sentensi nzima, hubaki ndani. Zote nilizipanga. Kisha nikaona nukuu zake zimerushwa tu katikati ya aya, hazishikani na chochote, nikaanza kuziunganisha.

Mama mmoja aliyehojiwa Kiminini alikuwa amesema: "I told my husband the girl will go back." Mimi nikaandika: One mother recalled that "she told her husband the girl would go back". Ndicho nilichowafundisha kidato cha pili kila mwaka, kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa. Ila alama za kunukuu niliziacha palepale, bila hata mabano ya mraba kuonyesha nilipobadilisha. Nikafanya hivyo ripoti nzima, na Madamu, kwa kuniamini, akaipeleka kama ilivyo.

Siku ya kuitetea nilimsindikiza Bungoma, nikaketi nyuma. Mtahini alisifu nukta. Halafu akafungua viambatisho, palipokuwa na mahojiano yenyewe, akalinganisha.

"Alama ziko safi," alisema. "Lakini haya maneno ni ya nani? Huyu mama hakusema hivi. Wala huyu."

Nilijua la kusema. Nikainama kama anayetafuta kitu chini ya kiti.

"Ni makosa yangu," Madamu akajibu, bila kugeuka nyuma.

Chuo kikamrudisha akasahihishe nukuu zote, na mahafali ya mwaka huo yakampita. Tukiwa nje nilimwambia, "Madamu, si ungewaambia tu ni mimi?"

"Kwa jalada kuna jina ya nani, mwalimu?"

Likizo iliyofuata aliniletea tena. "Angalia tu hizo nukta. Maneno ya watu, wacha vile walisema." Afadhali angenitukana. Niliisoma kwa penseli, na kila nilipofika kwenye alama za kunukuu niliinua mkono kutoka kwenye karatasi.

Alihitimu mwaka uliofuata. Baba yake alikuwa ameshonewa suti ya mahafali yale yaliyompita bintiye, naye sasa hakuweza kutoka kitandani. Wakamvalisha suti akiwa amelala, Madamu akainama kando yake na joho lake, jamaa wote wakazunguka kitanda wapigwe picha. Mimi pia niliitwa. Nikasema nitashika kamera.