Mwonjaji wa Lutuku

Mishahara ya kiwanda ilipokatika, mama alianza kupika lutuku, pombe kali ya mahindi, uani kwetu Likasi. Niliporudi kutoka chuoni nilimkuta mdogo wangu wa kike, wa miaka kumi na minne, ndiye anayeionja kila asubuhi.

“Iko na kichwa nguvu,” mama alimsifu. “Halewi hata kidogo.”

Hasira ile ninayo bado. Nilimwambia mama kwamba kutokulewa kwake si nguvu, ni hatari: ubongo wake ungali unajengwa, sehemu ya kujizuia hukomaa mwisho, na akiuzoesha pombe sasa, ukubwani ni rahisi zaidi kuwa mtumwa wake.

“Sawa, Profesa. Nani ataonja?”

“Washa kiberiti. Ikishika moto, ni kali.”

Kesho yake iliwaka samawati. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando na kikombe chake.

“Na miye?” aliuliza, akininyoshea kikombe.